Barua Fupi kwa Mwalimu Germain

Oktoba 1957 Akademia ya Uswidi ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka huo imemwendea Albert Camus, mwandishi Mfaransa mzaliwa wa Algeria, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza hata miaka 44. Wapongezaji wakammiminikia, na wenye kijicho nao hawakukosekana. Novemba 19, pilikapilika zilipopungua kidogo, Camus aliketi akamwandikia barua mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain. Ni barua fupi, ya kusomwa kwa dakika moja au mbili. Hata hivyo, sidhani kama kuna barua ya shukrani kwa mwalimu iliyosomwa na watu wengi kuliko hiyo, na mzazi anayetafuta maneno ya kumwandikia mwalimu wa mwanawe mwaka wa shule unapofungwa ana cha kujifunza humo.

Kwanza tujue mwalimu huyo alishukuriwa kwa lipi. Camus alikulia Belcourt, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Algiers. Baba yake alikufa 1914 kwa majeraha aliyoyapata kwenye mapigano ya Marne, mtoto akiwa hajafikisha mwaka mmoja. Mama yake alikuwa mzito wa kusikia, hakujua kusoma, na riziki aliipata kwa kufanya usafi kwenye nyumba za watu. Mwenye sauti ya mwisho nyumbani alikuwa bibi, mwanamke mkali ambaye hesabu zake zilikuwa rahisi: mtoto akimaliza shule ya msingi, atafute kazi, alete mshahara. Sekondari ilikuwa ya watoto wa wenye nacho.

Kwa hiyo mwaka wa masomo wa 1923 hadi 1924 ndio uliokuwa mgumu, ingawa kijana darasani hakuwa na shida. Hapa wengi wetu hukosea. Tukisikia mwanafunzi anahangaika, tunamfikiria yule asiyeelewa hesabu. Wako pia wanaoelewa vizuri kabisa, ila nyumbani kwao mlango wa shule unakaribia kufungwa, na mwalimu asiyeangalia zaidi ya alama za daftari hawezi kuwatambua.

Germain, aliyekuwa amerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na kuwatazama kwa jicho la pekee watoto walioachwa yatima na vita hiyo, alifanya mambo mawili. Alikwenda nyumbani kwa akina Camus kuzungumza na bibi, akamshawishi amruhusu kijana afanye mtihani wa kugombea ufadhili wa sekondari. Kisha akamfundisha masomo ya ziada baada ya saa za kawaida, yeye na wenzake wachache, bila kudai malipo. Camus alifaulu, na 1924 akaingia sekondari kubwa ya Algiers. Katika riwaya aliyoiacha bila kuimaliza, ambayo ilichapishwa 1994, kuna mwalimu aliyechorwa kutokana na Germain. Bibi anapouliza nani atalipia masomo hayo ya ziada, mwalimu anamtoa hofu: mtoto amekwisha kulipa.

Sasa turudi kwenye barua. Camus anasema amengoja kelele zitulie kwanza ndipo aandike. Anaeleza kwamba aliposikia habari ya tuzo, mtu wa kwanza kumjia akilini alikuwa mama yake, na baada yake ni Germain. Anakiri kwamba bila mkono ule uliomfikia mtoto maskini, bila mafundisho yake na mfano wake, lolote katika hayo lisingetokea. Hajikwezi kwa tuzo. Anaichukua kama nafasi tu ya kumwambia mwalimu alivyokuwa kwake na alivyo bado. Anamaliza kwa kumhakikishia kwamba jitihada zile zingali hai ndani ya mmoja wa wanafunzi wake wadogo, ambaye umri haujamzuia kuendelea kuwa mwanafunzi wake.

Camus hakumwambia Germain kwamba ni mwalimu bora. Sifa ya aina hiyo anaweza kupewa mwalimu yeyote, siku yoyote, na mwenye kuipokea haondoki na kitu. Alimwonyesha kilichotoka kwake, mtoto alikuwa katika hali gani kilipomfikia, na kimemfikisha wapi. Mshukuriwa akiisoma anajiona mwenyewe akiwa kazini.

Linganisha na barua tunazoziandika Desemba. Nyingi husema, "Mwalimu, tunakushukuru sana kwa yote uliyomfanyia mwanetu, Mungu akubariki na akuzidishie." Dua ni njema na isiondolewe. Ila "yote" ni yapi? Chukua mtoto aliyeshindwa upimaji wa darasa la nne akalazimika kurudia, akawa anaketi na waliokuwa nyuma yake na kuona haya hata kunyoosha kidole. Mama yake anaweza kuandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Mwezi wa pili ulimhamisha mwanangu kutoka dawati la nyuma, ukawa unamwita asome aya moja kwako wakati wa mapumziko, wenzake wakiwa nje, ili wasimcheke. Mimi sikujua mpaka alipoanza kunisomea maandishi kwenye mfuko wa unga. Muhula huu hajaniomba hata mara moja abaki nyumbani. Ahsante, Mwalimu. Nyumbani tunakuombea."

Ni sentensi chache tu, na hakuna hata moja inayoweza kuhamishiwa kwa mwalimu mwingine. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: badilisha jina la mwalimu, kisha usome tena. Kama barua bado inafaa, haijaandikwa bado.

Majibu ya Germain nayo yana somo. Aprili 30, 1959 alimwandikia Camus barua ndefu, akimwita mtoto wake mdogo ingawa mtoto mwenyewe sasa alikuwa mtu mashuhuri duniani. Humo anasema furaha ya kuwa darasani ilionekana usoni mwa kijana yule, na kwamba hakuwahi kuutambua umaskini wa kweli wa nyumbani kwao. Aliuhisi kidogo tu siku mama alipokuja kuhusu kuandikishwa kwa mtoto kwenye orodha ya wagombea ufadhili. Kumbe hata mwalimu aliyesaidia kiasi kile hakujua uzito wa alichokibeba! Ndiyo maana mzazi asidhani kwamba mwalimu anajua tayari. Yeye huona upande wa darasani. Upande wa nyumbani asipousikia kwako hatausikia popote.

Yako machache ya utendaji. Nakala ya barua ikienda kwa mwalimu mkuu, itamfaa mwalimu zaidi ya maneno ya mdomoni, maana ataisoma pia mtu anayepima kazi yake. Lakini ikiwa itapita mikononi mwa wengine, mambo ya siri ya mtoto, kama maradhi au ugomvi wa wazazi, yasiandikwe humo. Fedha usiziweke ndani ya bahasha hiyo, kwani zitageuza shukrani kuwa malipo na kumtia mwalimu mashakani. Na mtoto aandike sehemu yake mwenyewe kwenye karatasi yake, bila mzazi kumsahihisha tahajia. Mwalimu aliyekaa naye mwaka mzima atayatambua makosa yale mara moja, na atajua pia ni yapi ambayo hayafanyi tena.