Faida Juu, Hisa Chini

Jumatano jioni ya Aprili 24, 2024, soko la hisa la New York lilikuwa limeshafungwa pale Meta, kampuni mama ya Facebook na WhatsApp, ilipotoa hesabu zake za miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka. Faida ilikuwa dola bilioni 12.37, zaidi ya maradufu ya mwaka uliotangulia. Kila hisa iliingiza dola 4.71, na wachambuzi walikuwa wametarajia kama 4.32 tu.

Kesho yake hisa za Meta zikaanguka kwa zaidi ya asilimia 10.

Mtu anaponunua hisa hanunui faida ya jana, maana hiyo imeshapita. Ananunua fungu lake katika faida za miaka ijayo, na bei anayolipa imeshabeba matumaini ya wanunuzi wote. Bei ya Meta ilikuwa imeyabeba mengi: tangu Januari ilikuwa imepanda kwa karibu asilimia 40. Habari njema za Aprili zilikuwa zimelipiwa kabla hazijatangazwa.

Isitoshe, kuvuka matarajio si jambo adimu. Kampuni kubwa za Marekani hutangaza hesabu mara nne kwa mwaka, na katika kila msimu nyingi huyapita makadirio ya wachambuzi, kwa sehemu kwa sababu wakuu wake hujichungia, hutaja malengo wanayojua watayafikia. Ndiyo maana wawekezaji wazoefu huruka haraka tarakimu za robo iliyopita na kutafuta aya inayoeleza robo inayofuata.

Katika aya hiyo Meta ilikadiria mapato ya kati ya dola bilioni 36.5 na 39. Katikati yake ni 37.75, wachambuzi walikuwa wameshaweka kama 38.3. Pengo ni dogo, na peke yake huenda lingesamehewa. Lakini kampuni ilipandisha pia matumizi yake ya mwaka kwenye mitambo na majengo, kutoka bilioni 30 hadi 37 mpaka bilioni 35 hadi 40, sehemu kubwa kwa ajili ya akili bandia. Kisha, katika mazungumzo ya simu na wachambuzi, Mark Zuckerberg akaeleza kwamba uwekezaji huo utachukua muda kabla ya kuleta fedha za maana. Gharama zilikuwa na tarehe, mapato yake hayakuwa nayo. Hapo ndipo wengi walipouza.

Je, soko lilikosea? Kuhusu robo ile, wasiwasi ulizidi kiasi. Julai 31 Meta ilitangaza mapato ya bilioni 39.07, juu hata ya kikomo ilichojiwekea, na siku iliyofuata hisa zikapanda kwa karibu asilimia 5. Safari hii makadirio ya robo inayofuata, bilioni 38.5 hadi 41, yalikuwa mazuri kuliko wachambuzi walivyotarajia.