Usajili bila Leseni: Hadhi ya Daktari Asiyefanya Kazi na Masharti ya Kurejea nchini Uingereza

Tangu Novemba 2009, Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza limetenganisha mambo mawili yaliyokuwa kitu kimoja: usajili na leseni ya kutibu. Makala haya yanaeleza jinsi utengano huo unavyomwezesha daktari kuhifadhi hadhi yake akiwa nje ya kazi, na mahali ambapo masharti ya kurejea yanawekwa hasa.

Daktari anayestaafu au kupumzika anaweza kuirudisha leseni kwa hiari na kubaki katika daftari la madaktari. Hulipa ada ndogo zaidi ya ile ya mwenye leseni, na hana wajibu wa kuthibitishwa upya kila baada ya miaka mitano, utaratibu ulioanza Desemba 2012. Hata hivyo, haruhusiwi kuandika dawa wala kutia saini hati ya kifo, na mwenendo wake ungali chini ya mamlaka ya Baraza.

Tuchukue mfano wa daktari wa familia aliyerudisha leseni mwaka 2019 na kutaka kurejea mwaka 2024. Kwanza huomba Baraza limrudishie leseni na kulipa ada inayohusika. Kama alitibu ng'ambo katika kipindi hicho, huleta cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa mamlaka ya huko. Hatua hii hukagua zaidi uadilifu wake kuliko ustadi wake, kwa kuwa aliyeacha leseni kwa hiari hatahiniwi upya kwa sababu tu ya kukaa nje.

Kizuizi halisi kiko mbele. Ili ahudumu katika Huduma ya Taifa ya Afya, sharti awe katika orodha ya madaktari wa familia walioidhinishwa. Aliyekaa nje kwa zaidi ya miaka miwili kwa kawaida huelekezwa kwenye programu ya kurejea kazini, ambamo hupimwa mahitaji yake na kufanya kazi chini ya usimamizi. Baada ya hapo huunganishwa na taasisi yenye afisa anayesimamia tathmini yake ya kila mwaka, na mzunguko wa uthibitisho huanza tena.

Kwa hiyo, anayedhani kwamba leseni iliyorudishwa inatosha hugundua kwamba bado hawezi kuajiriwa.

Mwaka 2020, janga la korona lilipoanza, Baraza liliwapa usajili wa dharura madaktari walioacha kazi ndani ya miaka 3, kisha likaongeza hadi 6. Ukomo huo unadhihirisha kwamba hata wakati wa dharura muda wa kukaa nje ulibaki kipimo cha ustadi. Sheria inayoruhusu hadhi ya mapumziko bila kutaja nani atakayepima ustadi huo, na baada ya muda gani, huhifadhi jina la daktari daftarini bila kumhifadhia mgonjwa usalama wake.