Begi la Mafuriko: Kipi Kikae Juu, Kipi Kikae Karibu na Mgongo

Wakazi wa kando ya Mto Tana wana jambo moja la kuwasaidia ambalo wakazi wa maeneo ya mafuriko ya ghafla hawana. Mvua kubwa ikinyesha nyanda za juu na bwawa la Masinga likafurika, maji huchukua siku kadhaa kuteremka hadi Garissa na Madogo, kisha Hola, na mwishowe Garsen na Kipini. Onyo hutangulia maji. Hata hivyo, familia nyingi hungoja mpaka maji yaingie uani ndipo zianze kufunga mizigo, tena usiku, kwa mwanga wa simu. Kinachobebwa basi ni kile kilichokuwa karibu na mkono, nacho hutupwa ndani ya begi bila mpango.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga begi moja la mgongoni ambalo mtu mzima anaweza kulibeba kwa miguu hadi mahali palipoinuka, na akifika aweze kunywa, kula, kutumia dawa na kulala usiku wa kwanza bila kumwaga kila kitu chini.

Maswali matatu kwa kila kitu

Kabla ya kuweka kitu chochote ndani, jiulize maswali matatu. Nitakihitaji lini? Kina uzito gani? Kinaweza kuvunjika, kumwagika au kuharibiwa na maji?

Wengi hudhani majibu ya maswali haya yatagongana, kwa mfano kitu kizito ambacho pia kinahitajika mapema. Hayagongani, kwa sababu kila swali linaamua jambo lake. Muda wa kukihitaji unaamua kikae juu au chini. Uzito unaamua kikae karibu na mgongo au mbali nao. Udhaifu wa kitu unaamua majirani zake, yaani kiguswe na nini na kisiguswe na nini.

Chukua maji ya kunywa. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo maji ni mazito, nayo yanahitajika njiani. Basi yatakaa juu, lakini yakiwa yameegemea mgongo. Unga nao ni mzito, ila hautaguswa mpaka mfike na kupata moto. Huo utaegemea mgongo vilevile, lakini chini ya maji. Blanketi ni jepesi na linahitajika usiku, kwa hivyo linakwenda chini kabisa.

Kwa nini kizito kikae karibu na mgongo

Kitu kizito kikiwekwa upande wa nje wa begi, hukuvuta nyuma. Ili usianguke, utainama mbele, na baada ya mwendo wa nusu saa kiuno kitaanza kuuma. Kwenye tope hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mguu ukiteleza kidogo tu, mzigo unaokuvuta nyuma unamalizia kukuangusha. Uzito uleule ukibanwa karibu na mgongo, katikati ya begi, unasimama wima na kutembea kama kawaida.

Usiweke uzito wote juu kabisa. Begi lenye kichwa kizito huyumba kila unapogeuka. Usiuweke wote chini pia, kwani begi litaning'inia na kamba zitakata mabega. Mahali pazuri ni kuanzia katikati ya mgongo hadi usawa wa mabega. Pima pande mbili pia: chupa mbili za maji zigawane kulia na kushoto.

Mfano wa mama na kijana wake

Tuchukue mama mwenye uzito wa kilo 60, anayehama na kijana wa miaka 14 mwenye kilo 40. Kwa mtu mzima mwenye afya, mzigo usizidi sana asilimia 15 ya uzito wake. Kwa mtoto, usizidi asilimia 10. Mama huyu basi abebe takriban kilo 9, na kijana kilo 4. Mjamzito, mgonjwa na mzee wabebe pungufu zaidi, au wasibebe kabisa.

Mama anakusanya vitu vyake: lita 3 za maji, pakiti ya unga ya kilo 2, kilo moja ya maharagwe, sufuria nzito na vikombe vyenye kilo moja, blanketi na chandarua kilo moja na nusu, nguo zake na za kijana kilo moja na nusu, na dawa, tochi, sabuni, pedi na stakabadhi ambazo kwa pamoja zinafika kilo moja. Begi lenyewe lina kilo moja. Jumla ni kilo 12. Amezidisha kilo 3.

Anaanza kupunguza. Maharagwe yanabaki nyumbani, kwa kuwa yanahitaji saa nyingi za moto na maji mengi ya kuchemshia, vitu ambavyo ni haba kambini. Lita moja ya maji na nguo za kijana, nusu kilo, zinahamia kwenye begi la shule la kijana. Sufuria nzito inabadilishwa na nyepesi, na nusu kilo nyingine inapungua. Sasa mama ana kilo 9.

Asiye na mizani nyumbani anaweza kupima begi dukani au kwenye posho mili. Njia nyingine ni kulinganisha kwa mkono: pakiti nne za unga za kilo mbili mbili, ukizifunga pamoja na kuzinyanyua, ni kilo 8.

Kupanga hatua kwa hatua

Kwanza, weka karatasi la nailoni nene ndani ya begi, lile linalouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Liwe refu kiasi cha kukunjwa juu vitu vikishaingia. Mabegi mengi hupitisha maji kwenye mishono, na blanketi lililolowa huwa zito maradufu na halifai kitu usiku.

Chini kabisa weka blanketi, chandarua na nguo za kulalia. Vitu hivi laini vinakuwa pia kama godoro la vilivyo juu yake. Juu yake, upande wa mgongo, simamisha pakiti ya unga ikiwa imefungwa ndani ya nailoni yake peke yake au kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko. Hapa ndipo swali la majirani linapofanya kazi: unga unakaa karibu na maji, na chupa ikivuja usiku wa kwanza hauna ugali.

Juu ya unga, bado upande wa mgongo, weka chupa mbili za maji. Kaza vifuniko, kisha zigeuze juu chini kwa dakika moja kabla ya kuzipakia ili uone kama zinavuja.

Upande wa nje wa begi weka vitu vyepesi. Sufuria inakaa hapo, lakini isikae tupu. Sufuria ni ganda gumu, nayo ni mahali salama pa chupa ya kioo ya dawa ya mtoto na miwani. Vingirisha kila kimoja ndani ya soksi, jaza mapengo kwa nguo ndogo, kisha funga kifuniko kwa kamba. Ukiitikisa usisikie mlio wowote. Mlio ni dalili kwamba vitu vinagongana, na vinavyogongana huvunjika.

Kibiriti kiingie kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kuzungusha. Mafuta ya taa yasiingie kabisa kwenye begi lenye chakula, hata kama yamefungwa vizuri.

Juu kabisa weka tochi, dawa za kila siku, chakula kisichohitaji kupikwa na turubai dogo au koti la mvua. Kunja nailoni, funga begi, kisha kaza kamba za pembeni mpaka vitu visisogee. Sabuni na pedi zitoshee mfuko wa nje.

Simu, kitambulisho, pesa na kijitabu cha kliniki cha mtoto visikae ndani ya begi. Vifunge kwenye nailoni na uvivae mwilini, kwenye kipochi cha shingoni au vikiwa vimefungwa kwenye leso kiunoni. Sababu yake ni kwamba huenda ukalazimika kuliacha begi.

Asiye na begi

Gunia la sisal au la nailoni linafaa. Weka punje chache za mahindi au kijiwe kwenye kila pembe mbili za chini, kisha funga kamba juu ya kinundu hicho ili isiteleze. Ncha za juu za kamba zifungwe kwenye mdomo wa gunia, na umepata kamba mbili za begani. Upangaji ndani ni uleule. Kunja leso na uiweke kati ya kamba na bega.

Sanduku la magurudumu halifai kwenye tope. Lakini kama mtachukuliwa na lori, linaweza kubeba nguo za ziada. Vitu vizito vikae upande wa magurudumu, vinavyovunjika vikae katikati ya nguo, mbali na kuta.

Jaribu kabla ya mvua

Vaa begi na utembee kwa dakika kumi. Ukijikuta umeinama mbele, kizito kiko mbali na mgongo. Bega moja likiuma kabla ya jingine, uzito umelalia upande mmoja. Begi likiyumba, kuna nafasi tupu ndani. Kisha fumba macho na utafute tochi na dawa. Ikichukua zaidi ya dakika moja, havijakaa mahali pake.

Badilisha maji kila baada ya miezi sita, na angalia tarehe za dawa na unga kabla ya masika ya Machi na vuli ya Oktoba.

La mwisho ni muhimu kuliko yote. Begi lililopangwa vizuri halimpi mtu ruhusa ya kuvuka maji yanayokwenda kasi. Maji ya sentimita 15 tu, yasiyofika hata katikati ya muundi, yanaweza kumwangusha mtu mzima yakiwa na kasi. Ondokeni mapema, wakati njia ingali kavu. Ikiwa hakuna budi kupita kwenye dimbwi lililotulia, fungua mkanda wa kiunoni na ulegeze kamba za mabega, ili ukiteleza ulivue begi mara moja. Vilivyomo ndani vitapatikana tena.

Kwa msaada wakati wa mafuriko, piga simu kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, nambari 1199, bila malipo, au umwarifu chifu na mzee wa kijiji chako.