Kwa Nini Mstari Ulionyooka Haukadirii Uwezekano

Kabla ya chombo cha anga Challenger kuharibika angani tarehe 28 Januari 1986, vyombo vya aina yake vilikuwa vimesafiri mara 24. Katika safari 23 roketi za pembeni ziliopolewa baharini zikakaguliwa, na katika safari 7 kati ya hizo pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi zilikutwa na madhara. Swali linalowarudisha wanatakwimu kwenye data hii ni rahisi: joto la hewa wakati wa kuruka lina uhusiano gani na uwezekano wa pete kudhurika?

Safari hizo ziliruka katika joto la kati ya nyuzi 53 na 81 za Farenhaiti, yaani takriban 12 hadi 27 za Selsiasi. Nne zilizoruka chini ya nyuzi 65 zote zilikuwa na madhara. Kati ya 19 zilizobaki, 3 tu ndizo zilizodhurika: mbili kwa nyuzi 70 na moja kwa nyuzi 75.

Njia ya kawaida ya miraba midogo kabisa huandika 1 kwa safari iliyodhurika na 0 kwa iliyosalimika, kisha huchora mstari ulionyooka unaofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Hapa unapatikana mstari wa 2.905 − 0.0374 × joto. Kwa nyuzi 81 mstari huo unatoa uwezekano wa −0.12, kwa nyuzi 31, joto ambalo wachambuzi hulitumia kuiwakilisha asubuhi ya ajali, unatoa 1.75. Uwezekano haushuki chini ya sifuri wala haupiti moja, kwa hiyo majibu yote mawili hayana maana.

Rigresheni ya logistiki hubadilisha umbo lenyewe. Badala ya mstari hutumia mkunjo unaofanana na herufi S, ambao huikaribia 0 upande mmoja na 1 upande wa pili bila kuzifikia:

```
p = 1 / (1 + exp(-(a + b*joto)))
```

Linalobaki ni kuchagua a na b. Kanuni ya uwezekano wa juu kabisa, ambayo Ronald Fisher aliipa jina na msingi wake mwaka 1922, huanza na jozi yoyote ya namba na kuuliza: kama hizi ndizo za kweli, matokeo yaliyotokea yalikuwa na uwezekano gani wa kutokea? Kwa kila safari iliyodhurika huchukuliwa p, kwa kila iliyosalimika 1 − p, na namba zote 23 huzidishwa pamoja. Jozi inayotoa zao kubwa kuliko zote ndiyo inayochaguliwa.

Joto likipuuzwa kabisa na kila safari ikapewa 7/23, zao ni kama 7 katika milioni kumi. Mkunjo bora, wenye a = 15.04 na b = −0.232, unatoa takriban 39 katika milioni moja. Namba hiyo bado ni ndogo, jambo lisiloshangaza kwa sehemu 23 zilizozidishwa, lakini ni kubwa kuliko ya kwanza mara 53 hivi. Mkunjo huo unasema uwezekano wa madhara ni 0.94 kwa nyuzi 53, 0.23 kwa nyuzi 70, na zaidi ya 0.99 kwa nyuzi 31. Jibu hili la mwisho lipokelewe kwa tahadhari, kwa kuwa hakuna safari hata moja kati ya zile 23 iliyoruka kwenye baridi ya aina hiyo.

Kwa sababu zao hilo ni dogo mno, kompyuta hujumlisha logi zake, na hapo tabia ya njia hii hujitokeza. Mkunjo ukisema uwezekano ni 0.001 na jambo likatokea, adhabu ya logi ni karibu 7, ukisema 0.000001, adhabu hufika karibu 14, na haina kikomo. Adhabu ya mraba katika hali zote mbili ni karibu 1 tu.

Hata hivyo njia hizi mbili ni ndugu. Carl Friedrich Gauss alionyesha mwaka 1809 kwamba makosa yakifuata mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, yenye mtawanyiko uleule kila mahali, uwezekano wa juu kabisa huleta miraba midogo kabisa. Dhana hiyo haifai kwa matokeo ya ndiyo au hapana: mtawanyiko wake ni p(1 − p), hivyo hubadilika pamoja na joto.

Tofauti nyingine iko katika ukokotoaji. Miraba midogo hupatikana kwa fomula moja, ilhali logistiki huhitaji kukisia, kusahihisha na kurudia mpaka namba zitulie. Mara nyingine hazitulii. Zile safari tatu zilizodhurika kwenye joto zikiondolewa, waliodhurika wote wanabaki nyuzi 63 au chini, na waliosalimika wote 66 au juu. Kadiri mkunjo unavyosimama wima ndivyo zao linavyokua, kwa hiyo b bora haipo. Programu ya R hutoa onyo `fitted probabilities numerically 0 or 1 occurred`, na kosa sanifu la b huwa kubwa kupita kiasi.