Mkojo Mwekundu na Macho ya Manjano: Mipaka ya Kikundi cha Walezi



Katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, kuanzia Dandora na Kariobangi hadi Kayole na Umoja, wako watu wengi wanaotunza wagonjwa nyumbani. Mmoja anamgeuza mama yake aliyepooza, mwingine anampa mume dawa za TB kila asubuhi kabla ya kwenda kibaruani. Walezi hawa wakikutana kila wiki, mzigo unapungua. Lakini kikundi hicho hicho kinaweza kuumiza mtu kwa njia mbili: kumpa ushauri wa dawa usiomfaa, au kutoa nje habari aliyoisema kwa siri. Tutazame moja baada ya nyingine.

PALE UZOEFU UNAPOISHIA

Tuchukue mfano. Mama mmoja anakuja kikundini akiwa na wasiwasi. Mume wake ameanza dawa za TB, na sasa mkojo wake umekuwa mwekundu. Dada mwingine, ambaye alimtunza kaka yake mpaka akapona TB, anamwambia: "Hata wetu ulikuwa hivyo. Tulipouliza kliniki tukaambiwa ni rangi ya dawa." Yule mama anapumua. Hapa kikundi kimefanya kazi nzuri, maana ni kweli: moja ya dawa za TB, rifampisini, hugeuza mkojo, hata jasho na machozi, kuwa na rangi ya machungwa au nyekundu.

Wiki mbili baadaye mama anarudi. Sasa mume anatapika, hataki chakula, na macho yamekuwa ya manjano. Yule dada, kwa nia njema kabisa, anasema: "Ni dawa tu hiyo. Mpe nusu mpaka azoee."

Hapo mpaka umevukwa. Dawa za TB zinaweza kuumiza ini, na macho ya manjano ni dalili ya hatari hiyo. Mkojo pia unaweza kuwa mweusi kama strungi, na mtu akadhani ni ile rangi ya kwanza. Mgonjwa huyu anatakiwa kufika kliniki siku hiyo hiyo, akiwa na pakiti ya dawa zake mkononi. Kusimamisha dawa, kubadilisha au kuendelea ni uamuzi wa kliniki baada ya kumpima. Na ile nusu ni hatari ya pili. Idadi ya vidonge hupangwa kulingana na kilo za mgonjwa, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Dawa ikipunguzwa, wadudu wa TB wanaweza kuizoea, na TB sugu ni ngumu zaidi kutibu.

Angalia vizuri: yule dada hakusema uongo mara ya kwanza wala ya pili. Mara ya kwanza alisimulia yaliyompata yeye na akataja kliniki ilimwambia nini. Mara ya pili aliuchukua mwili wa kaka yake akauweka kwa mume wa mtu mwingine. Hakujua kilo zake, hakujua kama anakunywa pombe, wala kama anatumia dawa nyingine.

Kwa hivyo kikundi kinaweza kuweka kanuni rahisi: sema "mimi", usiseme "wewe". "Mimi nilimpa uji kidogo kidogo, akaacha kutapika" ni sawa. "Wewe mpe nusu" si sawa. Utajua mpaka umevukwa ukisikia mambo matatu: mtu anataja idadi ya vidonge, anamwambia mwenzake aache au aanze dawa, au anatoa dawa zilizobaki nyumbani na kumgawia. Hata dawa za mitishamba ziingie hapo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwemo wengi kutoka Kenya, walisafiri mpaka Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Babu, na wako wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamepona.

Mwenyekiti akisikia mambo hayo asimwaibishe msemaji. Aseme tu, "Hilo tuliandike liwe swali la kliniki." Kisha wamsaidie mama kuliandika: dalili ilianza lini, anatapika mara ngapi kwa siku, anatumia dawa gani. Kama ni dalili ya hatari, mmoja amsindikize sasa hivi, mkutano uendelee baadaye.

HABARI HII NI YA NANI?

Wewe mwenyewe unajua maisha ya ploti. Choo ni kimoja, mfereji ni mmoja, na ukuta hauzuii sauti. Kwa hivyo kuficha jina hakutoshi. Ukisema "kuna mama anauza sukuma pale steji, mtoto wake yuko kwa dawa," mtaa mzima umeshamjua.

Tena habari ya mlezi ina wenyewe wawili. Uchovu ni wa mlezi, lakini ugonjwa ni wa mgonjwa, ambaye hayuko mkutanoni kujitetea. Ni heri mlezi azungumzie yake: "Silali, nina hasira, pesa zimeisha." Akitaka kutaja ugonjwa wenyewe, kwanza aulize nyumbani: "Naweza kuwaambia wenzangu?"

Mara nyingi siri haitoki kwa ubaya, inatoka kwa huruma. Mweka hazina anapitisha mchango na kueleza mgonjwa anaugua nini ili watu watoe zaidi. Afadhali amuulize mwenye shida mapema, "Tuseme nini?" na atumie maneno hayo hayo, hata kama ni "kuna mgonjwa nyumbani" peke yake. Vile vile daftari la katibu liandike waliohudhuria, michango na maazimio, lakini lisiandike magonjwa. Daftari hilo hulala nyumbani kwa mtu, na watoto wanajua kusoma.

Jambo hili lina sheria pia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ukimwi iliyotungwa mwaka 2006, sehemu ya 22, inakataza kutoa matokeo ya mtu ya kipimo cha virusi vya Ukimwi bila idhini yake, na liko baraza maalum la kusikiliza malalamiko ya namna hiyo.

Lakini siri nayo ina mwisho wake, na wanachama waambiwe hivyo siku ya kwanza, si siku ya shida. Kama mtoto anaumizwa, au mtu anasema anataka kujiua, kikundi hakiwezi kunyamaza. Mwambie mwenyewe kwanza kwamba utatafuta msaada, usimwache peke yake, na umweleze mtu mmoja anayeweza kusaidia, si kumi. Kwa shida ya mtoto, piga simu 116, ambayo haina malipo.

Na siri ikishatoka? Hairudi. Aliyeitoa amwendee mwenye habari, akiri na amwombe msamaha, wala asizunguke kutoa maelezo kwa wengine, maana kila maelezo ni kuisambaza tena.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwenzenu anasema mama yake amebakisha dawa za presha na anataka kukugawia. Mtamjibu vipi bila kumvunja moyo?

2. Soma kurasa za mwisho za daftari la kikundi chenu. Je, yako maneno ambayo mgonjwa asingependa jirani yake ayaone?

3. Mwanachama hajaja wiki tatu, na jirani anawauliza ana nini. Mtasema nini?