Kunyoosha na Kusafisha Picha ya Ubao Iliyopigwa kwa Simu

Picha ya ubao iliyopigwa kwa simu huwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni ya umbo: aliyeipiga hakusimama katikati, kwa hiyo upande ulio karibu naye umekuwa mrefu na ule wa mbali umefinyika. Ya pili ni ya mwanga: sehemu iliyo karibu na dirisha inang'aa, kona ya pili imezama gizani. Umbo hurekebishwa kwanza, mwanga baadaye. Mpangilio huo ukigeuzwa, herufi zilizokwisha kufanywa nyeusi tii hulazimika kuvutwa upya, na kingo zake hutoka na meno meno.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi yote. Ubao wa chaki una upana wa sentimita 240 na kimo cha sentimita 120. Umepigwa picha na mwanafunzi aliyekaa pembeni, upande wa kushoto ulio na madirisha. Katika picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, ukingo wa kushoto wa ubao una kimo cha pikseli 2,200 na ule wa kulia 1,110, yaani karibu nusu.

Kuunyoosha ubao huo ni kutafuta kanuni inayopeleka kila nukta ya picha mahali pake kwenye mstatili. Kanuni hiyo ina namba 8 zisizojulikana. Kila pembe ya ubao hutoa milinganyo miwili, mmoja wa mlalo na mmoja wa wima, hivyo pembe 4 zinatosha. Kuvuta picha kwa namna ya kawaida hakufai, kwa sababu katikati ya ubao hakuangukii katikati ya picha. Kadiri jicho linavyoelekea mbali ndivyo sentimita zinavyozidi kubanana, na ndiyo maana kanuni hii ina kugawanya ndani yake.

Jambo ambalo kanuni haiwezi kulijua ni uwiano halisi wa upana na kimo. Programu za simu hukisia, na mara nyingine hukosea. Dalili yake ni rahisi kuiona: duara lililochorwa ubaoni hutoka kama yai. Dawa ni kupima ubao kwa futi kamba. Kwa ubao wa mfano, picha mpya ya pikseli 2,400 kwa 1,200 inafaa sana, maana pikseli moja inakuwa milimita moja na hesabu zote zinazofuata zinakuwa nyepesi.

Hata hivyo, kunyoosha hakuongezi kisichokuwemo. Herufi yenye upana wa sentimita 4 kwenye ukingo wa kushoto ilichukua karibu pikseli 100 za upana. Kwenye ukingo wa kulia ilichukua karibu 25 tu. Kimo kilipungua kwa nusu, lakini upana umebaki robo. Kwa hiyo maandishi ya kulia yatasomeka kwa ukungu hata baada ya kunyooshwa, na kusogea hatua chache kuelekea katikati kabla ya kupiga picha kunasaidia kuliko programu yoyote.

Baada ya umbo kuja mwanga, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mwangaza wa kila pikseli huandikwa kwa namba kuanzia 0, nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa. Karibu na dirisha ubao mtupu una 90 na chaki 200. Kwenye kona ya giza ubao una 35 na chaki 78. Tuseme kinawekwa kizingiti kimoja kwa picha nzima, kwamba kinachokizidi ni chaki. Kizingiti kikiwa chini ya 78, ubao wote wa dirishani utahesabiwa kuwa chaki. Kikiwa juu ya 90, chaki ya kona ya giza itapotea yote. Hakuna namba moja inayofaa pande zote mbili, na kuongeza utofautishaji kwa kitelezi cha simu hakubadilishi ukweli huo.

Suluhisho ni kulinganisha kila pikseli na majirani zake. Njia inayotumika sana huchukua wastani wa mwangaza wa eneo dogo kuizunguka pikseli, kisha hudai chaki iuzidi wastani huo kwa kiasi fulani, tuseme 20. Inafanya kazi pande zote mbili, lakini ina udhaifu mmoja: vumbi lililoachwa na dasta. Karibu na dirisha vumbi hilo linaweza kufikia 115, yaani 25 zaidi ya ubao, hivyo litapita na kuonekana kama maandishi. Kiasi kikipandishwa hadi 45 vumbi linatoka, lakini chaki ya kona ya giza, iliyouzidi ubao wake kwa 43 tu, inatoka nalo.

Kugawanya kunakata fundo hilo. Mwanga hauongezi namba, huzizidisha. Chaki ya dirishani ikigawanywa kwa ubao wake hutoa 2.2, na ile ya gizani hutoa 2.2 vilevile. Vumbi hutoa karibu 1.3. Kizingiti cha 1.6 basi huwatenganisha kila mahali. Kinachobaki ni kujua mwangaza wa ubao mtupu hata palipoandikwa. Huo hupatikana kwa kupanga namba za eneo la sentimita 15 kwa 15 kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua iliyo katikati. Madhali chaki imefunika chini ya nusu ya eneo, namba hiyo huwa ya ubao. Palipopakwa chaki nzito kupita nusu, kama kwenye mchoro uliojazwa, njia hii hushindwa na mchoro hubaki ganda la nje.

Kwa maktaba ya OpenCV, hatua zote ni hizi:

```python
import cv2, numpy as np
picha = cv2.imread("ubao.jpg", 0)
pembe = np.float32([[520,410],[3480,900],[3470,2010],[540,2610]])
mpya = np.float32([[0,0],[2400,0],[2400,1200],[0,1200]])
M = cv2.getPerspectiveTransform(pembe, mpya)
ubao = cv2.warpPerspective(picha, M, (2400,1200))
mwanga = cv2.medianBlur(ubao, 151)
uwiano = ubao / np.maximum(mwanga, 1.0)
safi = np.where(uwiano > 1.6, 0, 255).astype("uint8")
cv2.imwrite("safi.png", safi)
```

Pembe huandikwa kwa mfuatano uleule katika orodha zote mbili: juu kushoto, juu kulia, chini kulia, chini kushoto. Mbili zikibadilishana nafasi, ubao hutoka umepinduka au umejikunja. Matokeo ni maandishi meusi juu ya weupe, ambayo yakichapishwa hayali wino mwingi.

Ubao mweupe hugawanywa vivyo hivyo, ila hapo wino ndio mweusi kuliko ubao, na ni vizuri kugawanya nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake ili rangi za maka peni zibaki. Adui wa ubao mweupe ni mng'ao wa taa. Palipofika 255 wino na ubao vimekuwa namba moja, na hakuna hesabu itakayovitenganisha. Picha nyingine ipigwe kutoka pembe tofauti.

Mwisho, zikaguliwe nukta za desimali. Nukta ya chaki yenye milimita 5 ni pikseli tano tu, na hatua yoyote ya kuondoa madoadoa huweza kuifuta, 2.5 ikasomeka 25. Kwa hiyo, msomaji, usiifute picha ya awali hadi uwe umelinganisha tarakimu zote.