Heri kwa Mzazi Mwenzio

Tuseme mmeachana, mna mtoto mmoja, Neema, naye analala kwako siku za shule na kwa baba yake wikiendi. Kesho baba yake anatimiza miaka 38. Ukinyamaza, Neema ataona. Ukiandika vibaya, ugomvi uliokwisha kulala utaamka, na Ijumaa mtakabidhiana mtoto getini bila kutazamana.

Kwa kawaida ujumbe wa kwanza kumjia mtu huwa kama huu: "Heri ya siku ya kuzaliwa. Yaliyopita si ndwele. Mungu akujalie hekima na akukumbushe majukumu yako." Aliyeuandika anaweza kuapa kwamba ametakia heri tu, lakini mwiba umo ndani ya dua. Kumwombea mtu hekima ni kumwambia hana, na kumwombea akumbushwe majukumu ni kumdai. Hiyo "yaliyopita si ndwele" nayo inayarudisha yaleyale inayodai kuyasahau. Sisi tumelelewa kwenye mafumbo, na anayeusoma ujumbe huu anayajua mafumbo yako kuliko mtu mwingine yeyote.

Hebu tuuandike upya: "Habari za asubuhi, Baba Neema. Heri ya siku ya kuzaliwa. Nakuombea afya njema. Neema amekuchorea kadi, atakuja nayo Ijumaa. Siku njema."

Umemwita kwa jina la mtoto, kwa sababu mtoto ndiye anayewaunganisha sasa. Lile jina la mapenzi lingemfanya ajiulize unataka nini. Dua imebaki kwenye afya, jambo ambalo hata jirani angemwombea. Habari ya kadi ni ya kweli na ina siku yake, kwa hiyo hana haja ya kutafuta maana iliyofichika. Maneno ya mwisho yanafunga mazungumzo bila kumlazimisha kujibu.

Utume asubuhi, mchana ukichelewa sana. Ujumbe wa saa sita usiku husomwa kama wa mpenzi, na huenda pembeni yake yupo mwenzi mpya. Upime hivi: je, mwenzi huyo akiusoma kwa sauti, utaona aibu? Umtumie yeye mwenyewe, wala usiweke picha yake kwenye status, maana hapo ndugu wa pande zote mbili wataanza kufasiri. Na ada ya shule, hata kama amechelewa kuilipa, iwe na ujumbe wake wa siku nyingine.

Akijibu "Asante" tu, inatosha. Akianza kukumbushia safari zenu za zamani, jibu kwa upole, "Asante, ufurahie siku yako," kisha weka simu chini.

Ila kama mliachana kwa sababu ya kipigo au vitisho, huna deni la salamu. Neema akitaka kumpongeza baba yake, ampigie shangazi anayeaminika awaunganishe, wewe ukiwa nje ya mazungumzo hayo.